Slaidi 24 za riba ya Benki Kuu, watu wawili na simu moja

Nilipotea kidogo, na sababu ni aibu iliyonipata, ambayo leo naiweka hapa mezani ili mnione.

Mnakumbuka Julai 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi asilimia 5.75. Magazeti yakaandika, redio zikasoma, kila mtu akaitikia "ahaa" halafu akaendelea na shughuli zake. Siku chache baadaye rafiki yangu mmoja akanitumia slaidi za semina aliyohudhuria kazini kwao, zinazoelezea mfumo mzima wa hiyo riba. Slaidi 24, kila moja imejaa vidoto, vifupisho na grafu zenye mistari minne inayopishana kama barabara za Kariakoo. Mimi na binamu yangu, ambaye anauza vipodozi Mbagala na ana sauti nzuri kuliko yangu, tulikuwa tumeshaanza kurekodi vipindi vya kuongea wawili wawili na kuvitupia kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaani. Tukasema hii ndiyo yenyewe, tuigeuze iwe maongezi, watu waelewe.

Tulifanya hivyo. Na tulikosea vibaya sana.

Tulichofanya mara ya kwanza ni kile ambacho wengi hufanya. Tulichukua slaidi ya kwanza, nikaigeuza kuwa sentensi za kusema, binamu akaweka vikorombwezo katikati, tukaenda slaidi ya pili, hivyo hivyo mpaka ya 24. Kipande chenyewe kilikuwa hivi:

Mimi: Basi Benki Kuu imeshusha riba kutoka sita hadi tano nukta saba tano.
Yeye: Duh! Hiyo ni habari njema kwa wakopaji!
Mimi: Kabisa dada, kabisa.

Someni tena huo mstari wa pili. Hakuna slaidi hata moja kati ya zile 24 iliyosema ni habari njema kwa wakopaji. Ulitoka wapi? Ulitoka kwenye mdundo wa maongezi. Ukiwa na watu wawili kwenye maiki, mmoja akitoa taarifa, mwingine anaona lazima aitikie kwa hisia, na hisia hiyo inageuka kuwa taarifa mpya ambayo hakuna aliyeihakiki. Kwenye karatasi ni neno la kupamba tu. Kwenye sikio la msikilizaji ni tangazo.

Wiki tatu baadaye kijana mmoja wa bodaboda, jirani yetu kabisa, akaja dukani kwa binamu amevimba. Alisikiliza kipindi. Akaenda kukopa shilingi milioni moja kwa watu wa mikopo ya haraka, akaambiwa riba asilimia 10. Kichwani mwake akapiga hesabu: Benki Kuu 5.75, hawa 10, si mbali sana, wacha nisaini. Miezi sita. Yeye alijua atarudisha milioni moja na laki moja hivi. Kumbe ile 10 ilikuwa ya kila mwezi, juu ya mkopo wote. Laki moja kila mwezi mara sita ni laki sita. Anarudisha milioni moja na laki sita, yaani zaidi kidogo ya shilingi 266,000 kila mwezi, kwa pikipiki ambayo siku nyingine inamwingizia elfu kumi na tano tu.

"Kaka, si mlisema riba imeshuka?" Hilo tu ndilo alilosema. Sikuwa na jibu.

Nikarudi kwenye slaidi nikitafuta wapi palipoandikwa kwamba ile 5.75 ni kwa mwaka. Hapakuwepo. Slaidi zote 24, hakuna mahali. Na si kwamba aliyeziandika alikuwa mjanja. Aliziandika kwa watu wa mabenki, na mtu wa benki akisikia "riba" bila neno lingine anajua ni ya mwaka, kama wewe ukisikia "nauli" unajua ni ya kwenda tu, si ya kwenda na kurudi. Mtu wa mkopo wa haraka naye akisema "riba" anamaanisha ya mwezi. Neno moja, vijiwe viwili, na kijana wetu akaangukia katikati.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya yule mtu wa pili kwenye maiki. Kazi yake ni kuuliza yale ambayo slaidi imeyaruka kwa sababu wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa wanayajua. Kushangaa na kusema "duh" hakumsaidii mtu.

Tukaamua kuanza upya. Nitawaeleza tulivyofanya, maana najua humu kuna wengi mnaosoma vyuoni au mnatumiwa slaidi za kila aina, za bajeti, za umeme, za bima ya afya, na mnatamani kuzigeuza.

Kwanza nilichapisha slaidi zote pale kafe (nyeusi na nyeupe, nne kwa ukurasa, ili kubana matumizi), nikampa binamu na kalamu. Nikamwambia asinisikilize mimi kabisa. Apite kila slaidi na aandike pembeni swali moja tu, lile linalomjia kwanza kama mtu anayeuza vipodozi. Kama halimjii swali, apite. Mimi nilikatazwa kuongea. Alirudisha karatasi ikiwa na maswali 17. Mengine yalikuwa ya kuchekesha, lakini matano yalikuwa moto: Hii ni ya mwaka au ya mwezi? Nani hasa anakopa kwa hiyo riba? Mbona mimi benki waliniambia 18? Ikishuka nukta mbili tano mimi naokoa shilingi ngapi? Na kwa nini wanaishusha, wameona nini?

Hayo matano ndiyo yakawa mifupa ya kipindi. Mpangilio wa slaidi tukautupa. Slaidi huanza na historia na malengo, kisha mfumo, kisha takwimu, na jambo linalomhusu mtu wa kawaida liko mwisho, kama lipo. Msikilizaji wa simu hatakungoja ufike slaidi ya 19. Tukaanza na swali la kwanza la binamu, hivi:

Yeye: Kaka, kabla hujaenda mbali. Hiyo tano nukta saba tano ni ya mwezi au ya mwaka?
Mimi: Ya mwaka. Kila riba tutakayoitaja leo ni ya mwaka, na ikiwa ya mwezi nitasema.
Yeye: Kwa hiyo mtu akiniambia asilimia 10, nimuulize nini?
Mimi: Muulize mambo mawili. Ya mwezi au ya mwaka? Na inahesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya kilichobaki?
Yeye: Tofauti yake ni nini?
Mimi: Umekopa milioni, umesharudisha nusu. Ikihesabiwa juu ya kilichobaki, mwezi ujao unalipia riba ya laki tano. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote, unalipia riba ya milioni ambayo nusu yake huna tena mkononi.

Sekunde arobaini hivi, na hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa kwenye slaidi. Lakini bila hayo slaidi zote 24 ni sumu.

Swali la pili ndilo gumu, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndipo siasa yenyewe ilipo. Nani anakopa kwa riba ya Benki Kuu? Si mimi wala si wewe. Mpaka mwisho wa 2023 Benki Kuu yetu ilikuwa inaongoza uchumi kwa kuangalia wingi wa fedha. Kuanzia Januari 2024 ikahamia kwenye kutangaza riba, ikaanza na asilimia 5.5. Aprili mwaka huo ikapanda hadi 6, na ikakaa hapo mpaka ile Julai 2025. Riba hiyo ni kama alama ya bei iliyobandikwa ukutani kwa ajili ya mabenki. Benki zinakopeshana zenyewe kwa zenyewe kwa siku chache, leo hii imepungukiwa, ile imezidiwa. Benki Kuu inataka mikopo hiyo ya siku saba isiende mbali na ile alama. Inaruhusu pointi mbili juu na pointi mbili chini. Kwa hiyo alama ikiwa 5.75, mabenki yanatakiwa yakopeshane kati ya 3.75 na 7.75. Fedha zikizidi kwenye mabenki na riba ikaanza kuporomoka, Benki Kuu inanyonya fedha kidogo. Zikikauka, inaingiza.

Kwenye slaidi hilo lilikuwa grafu: mstari mnene katikati, vistari viwili vya nukta juu na chini, na mstari mwekundu unaoyumba humo ndani. Sasa grafu hauwezi kuisoma redioni. Mara ya kwanza nilijaribu, "mstari mwekundu unapanda halafu unashuka", ukisikiliza unalala. Safari hii tulijiuliza grafu inasimulia nini kwa sentensi moja, na binamu akaja na mfano wa barabara: alama ni mstari wa katikati, mitaro ni ile pointi mbili kila upande, gari ni riba ya mabenki, na Benki Kuu ndiyo imeshika usukani. Gari linaruhusiwa kuyumba, lakini lisiingie mtaroni. Imeisha.

Nikajaribu na mimi mfano wangu, wa bei ya jumla na rejareja. Riba ya Benki Kuu ni bei ya jumla, riba ya mkopo wako ni bei ya dukani. Ni mfano mtamu na unaelezea kwa nini mkopo wako uko juu. Lakini una ufa, na tuliamua ufa huo tuutaje humo humo kwenye maongezi:

Yeye: Sasa kaka, mimi duka langu bei ya jumla ikishuka, wiki ijayo nashusha na mimi. Benki mbona hazishushi?
Mimi: Hapo mfano wangu unakwama. Wewe mzigo wako wote unatoka kwa huyo wa jumla. Benki mzigo wake mwingi ni akiba za watu. Ile ya kukopeshana siku saba ni kijaluba tu.
Yeye: Kwa hiyo bei ya jumla ikishuka, inashuka kwa sehemu ndogo ya mzigo.
Mimi: Ndiyo. Juu yake weka matawi, mishahara, na wale wanaokopa wakapotea. Mwaka 2025 riba za mikopo ya benki hapa nchini kwa wastani zilikuwa kama asilimia 15.

Ona jinsi swali lilivyofanya kazi. Kama binamu angeitikia tu "kweli kabisa", mfano wangu ungepita na ufa wake na watu wangeenda benki kudai punguzo.

Tuna kipimo chetu cha hili sasa, na nakipenda kwa sababu hakihitaji elimu. Andika maongezi kwenye karatasi, kisha funika mistari yote ya yule anayeuliza kwa kiganja. Soma maelezo peke yake. Kama yanaenda sawa bila kukwama popote, basi maswali yako ni mapambo, umeandika hotuba ukaikata vipande. Kile kipindi chetu cha kwanza kilisomeka bila binamu vizuri kabisa. Maskini, alikuwa pale kama maua ya mezani.

Swali la nne, la shilingi ngapi, ndilo lililoniuma zaidi kwa sababu hesabu yake ni rahisi mno na sikuifanya mara ya kwanza. Tuseme umekopa milioni moja benki kwa mwaka mmoja, asilimia 15, na kwa urahisi tuchukue riba juu ya mkopo wote. Unalipa riba 150,000. Sasa tuseme muujiza umetokea na benki imekupitishia punguzo lote, kwa hiyo 14.75. Unalipa 147,500. Umeokoa elfu mbili na mia tano. Kwa mwaka mzima! Hela ya sahani ya chipsi kavu. Hiyo ndiyo "habari njema" tuliyoipigia makofi. Sisemi kwamba uamuzi ulikuwa wa bure. Kwa serikali, kwa makampuni makubwa, kwa mabilioni, robo pointi ni fedha nyingi, na pia ni ishara kwa mabenki kwamba Benki Kuu haiogopi mfumuko wa bei kwa wakati huo, maana mfumuko ulikuwa asilimia 3 na ushee, ndani ya lengo lake la 3 hadi 5. Lakini kwa kijana wa bodaboda, mwezi au mwaka ndilo neno linalomjengea au kumbomolea nyumba.

Hapo hapo kuna mtego mwingine wa lugha. Kutoka 6 hadi 5.75 watu husema "imeshuka kwa asilimia 0.25". Hapana. Imeshuka kwa pointi 0.25. Ukitaka asilimia, robo gawa kwa sita, ni kama asilimia 4 ya ile riba ya awali. Kwenye slaidi aliandika "bps 25", ambazo ni robo pointi hiyo hiyo, na mimi kwa kutojua mara ya kwanza nilisoma "ishirini na tano" nikaacha hivyo. Kuna mtu huko nje mpaka leo anaamini riba ilishuka kwa asilimia 25.

Na sikio halibebi namba kama jicho. Kwenye slaidi unaweza kurudi juu ukatazama. Kwenye simu, ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, namba ya tatu ikiingia ya kwanza imetoka. Tukajiwekea sheria: zamu moja ya kuongea, namba moja mpya. "Tano nukta saba tano" tuliitaja mara mbili tu, baada ya hapo tukaiita "ile alama ya ukutani". Pia tukafuta kila "robo hii" na "kwa sasa" iliyokuwemo kwenye slaidi, tukaweka mwezi na mwaka. Slaidi inakufa na semina yake, lakini rekodi inazunguka magrupu miaka, na mtu ataisikiliza 2028 akidhani ni leo.

Kabla ya kurekodi tulifanya uhakiki, na hii ndiyo kazi inayochosha kuliko zote. Kila mstari wenye dai la ukweli niliuandikia pembeni namba ya slaidi ulikotoka. Usio na namba, ama niutafutie chanzo kingine chenye uhakika, taarifa ya Benki Kuu yenyewe kwa mfano, ama ufutwe. Mistari kumi na mmoja ilikosa namba. Sita ilifutwa, na mingi kati ya hiyo ilikuwa ya namna ile ile ya "habari njema". Nilishangaa kuona uongo mdogo mdogo unakaa kwenye vishangao, siyo kwenye maelezo marefu ambayo ndiyo nilikuwa nayaogopa.

Kurekodi ni simu moja, katikati yetu, ndani ya chumba chenye nguo nyingi ili sauti isirudi. Dakika 11. Kwa wale wanaoteseka na bando, faili la simu lilikuwa kubwa mno, nikalibana kwenye kompyuta ya kafe:

```
ffmpeg -i kipindi.wav -ac 1 -b:a 48k kipindi.mp3
```

Likawa kama MB 4, sauti ya mtu inasikika safi tu. Ukiwa na muziki haitafaa, lakini sisi hatuna muziki.

Halafu jaribio la mwisho. Tukampa mama mmoja anayeuza maandazi jirani na kafe, akasikiliza mara moja, kisha tukamwomba amweleze mteja wake alichosikia. Hatukumuuliza "umeelewa?", maana kila mtu husema ameelewa. Akaeleza barabara na mitaro vizuri sana, akaeleza mwezi na mwaka. Pale kwenye bei ya jumla akasema "kwa hiyo benki ni wezi". Tukarudi tukarekodi upya sehemu ile, tukairefusha kidogo, tukaweka mfano wa mtu mmoja kati ya ishirini asiyerudisha na jinsi wale 19 wanavyombeba. Mara ya pili akasema "benki ni waoga". Tukaona hapo panatosha, hayo sasa ni maoni yake na ana haki nayo.

Kuna mdau atauliza, si mngeweka tu slaidi zenyewe watu wasome? Kwa mwanafunzi wa uchumi ndiyo, slaidi ni bora kuliko sisi. Tuliacha mengi: jinsi fedha zinavyonyonywa, mjadala wa shilingi na dola, takwimu za ukuaji. Mtu wa mtihani asitutegemee, atafeli. Tuligeuza slaidi 24 zikawa majibu ya maswali matano, na mengine yamebaki kwenye karatasi.

Yule kijana wa bodaboda amebakiza marejesho mawili. Alisikiliza toleo la pili akiwa amekaa juu ya pikipiki yake, sisi tumesimama pembeni kama watuhumiwa. Alipomaliza akatoa mfukoni mkataba wake wa mkopo, umekunjwa mara nne, akauliza: "Sasa hapa wameandika wapi kwamba ni kwa mwezi?" Tukatafuta watatu. Ipo, ukurasa wa pili, maandishi madogo, katikati ya aya ya masharti ya dhamana. Binamu ameshauchukua na kalamu yake, na mpaka jana usiku alikuwa ameandika maswali tisa pembeni.